Mistari ya Buluu Mchangani

Mengi niliyoharibu maishani niliyaharibu nikiwa nimekaa. Hili nililiharibu nikiwa nimelala kabisa, chali juu ya godoro la sebuleni, kompyuta tumboni, feni ikinipulizia hewa ya moto kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Garissa mwezi wa pili haina hewa nyingine. Hooyo, mama yetu, alikuwa akinipita na ndoo ya maji, ananiruka mguu kama anavyoruka kizingiti, halafu anawaambia wageni, "Huyu ni mtoto wangu mkubwa. Anafanya kazi. Msimkanyage."

Kazi yenyewe ilikuwa mchezo wa simu. Mchezaji anapewa ngamia sita, anaondoka nao Garissa kwenda kaskazini, anapitia Wajir, Elwak na Lafey mpaka Mandera, akitafuta visima kabla ngamia hawajaanza kulala chini. Mimi niliyeutunga mchezo huo wa kutembea mamia ya kilomita sijawahi kuvuka kizuizi cha polisi cha mwisho wa mji isipokuwa mara moja, nilipotapika. Watu wa ukoo wetu walitembea na mifugo vizazi na vizazi ili mimi nipate kulala. Ndivyo ninavyojieleza.

Mchoraji wa mchezo alikuwa dada yangu mdogo. Yeye ni mchoraji wa hina. Maharusi wa nusu ya mji huu wameingia ndani na maua yake mikononi. Nilimwonyesha jinsi nchi ya mchezo inavyojengwa kwa vigae: picha ndogo za mraba, kila moja pikseli kumi na sita kwa kumi na sita, zinazopangwa moja kando ya nyingine mpaka zinakuwa ardhi. Mchanga ni kigae. Mchanga wenye mawe ni kigae. Mgunga ni vigae vinne, kisima ni vigae tisa. Alielewa kabla sijamaliza sentensi, akaanza kuchora kwa kidole kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka pembeni, na baada ya wiki mbili nikawa na mchanga ambao hooyo aliweka ndoo chini kuuangalia. Halafu akasema, "Huu ni wa upande wa Lafey. Asubuhi." Hooyo alizaliwa upande wa Lafey. Dada yangu hajawahi kufika huko.

Nyumbani tunaongea Kisomali, kama kila mtu mtaani. Lakini mimi na dada yangu tukitaka kugombana tulihamia Kiswahili cha shuleni, ili hooyo asifuate. Kwa hiyo karibu yote ninayoyakumbuka ya mwezi ule yako kwa Kiswahili.

Mambo yalipata uzito siku picha zake zilipomfikia mwanamke mmoja wa Nairobi, mwenye kampuni ndogo ya michezo. Alizipata kwa rafiki wa rafiki, kama picha zinavyosafiri siku hizi. Akampigia dada yangu mwenyewe, si mimi. Alitaka mchoraji wa vigae, kazi ya kukaa nyumbani, mchoraji anachora akiwa Garissa na kutuma. Alichotaka kwanza ni kuona vigae vikiwa ndani ya mchezo unaotembea. Picha iliyosimama, alisema, humdanganya kila mtu. Alitupa wiki mbili, mpaka Alhamisi, tuonane kwa simu ya video.

Na kulikuwa na eddo. Eddo ni shangazi yetu, dada wa baba. Ana duka la vitambaa Elwak, na magoti yake yalikuwa yamekataa kusimama. Baba alipokufa eddo ndiye aliyetulipia shule, sisi wote wawili, na sasa alikuwa ameomba mtu mmoja tu: dada yangu, aende akakae dukani. Hakuna aliyemlazimisha. Ila katika nyumba yetu ombi la eddo halikataliwi kwa mdomo mtupu. Linakataliwa kwa sababu. Kazi ya Nairobi ingekuwa sababu. Hooyo alisema wazi: ukipata kazi, nitamtafuta binamu yenu mwingine aende, usipopata, utapanda gari baada ya Idi.

"Elwak nao wana mikono," nilimwambia dada yangu kumtania. "Utawachora."

"Aboowe," alinijibu. Aboowe ni kaka mkubwa, neno la heshima, ingawa yeye analitamka kama mtu anayeita mbuzi. "Kila ninachochora kinaoshwa. Bibi harusi anafua nguo mara tatu, mimi nimeisha. Nataka kuchora kitu kimoja ambacho mtu haendi nacho kwenye karai."

Nikacheka. Nimekwisha sema nilikuwa nimelala.

Mpaka hapo mchezo ulikuwa safi. Ngamia wa mbele alikuwa akisogea pikseli nzima kwa pikseli nzima, na kamera, yaani lile jicho linaloamua ni sehemu gani ya nchi ionekane kwenye kioo, ilikuwa imegandishwa kwake. Yeye akisogea moja, nayo moja. Ilikuwa sawa lakini ilikuwa inaruka kama mtu mwenye kwikwi. Nami, kwa kuwa Nairobi inatazama, nikataka urembo. Nikataka kamera imfuate ngamia polepole, ichelewe kidogo, imfikie anaposimama, kama mtu anayemfuata mnyama bila kutaka kumshtua. Si jambo gumu. Kila mara kioo kinapochorwa upya unaiambia kamera: angalia umbali uliobaki kati yako na ngamia, utembee sehemu ya kumi yake. Nikaandika, nikajaribu, nikamwita dada yangu kutoka jikoni kwa sauti ya mfalme.

Alikuja na unga mikononi. Ngamia akaondoka, kamera ikamfuata laini kama siagi. Na kwenye mchanga wa Lafey, wa asubuhi, ikatokea mistari.

Ilikuwa myembamba kama uzi, ya buluu, imesimama wima kati ya kigae na kigae. Haikukaa. Ilimeta hapa, ikazima, ikameta vigae vitatu mbele, ikazima, ardhi nzima ikawa inakonyeza. Nikasimamisha ngamia nionyeshe kwa kidole, mistari ikatoweka. Nikatembeza tena, ikarudi.

"Ni nini hiyo?" aliuliza.

"Ni kingo zako," nilisema.

Hivyo tu. Sikufikiri hata muda wa kukuna kichwa. Mistari ilikuwa mahali kigae kinapoishia, anayechora vigae ni yeye, basi kosa ni lake. Nilipata C ya hisabati kidato cha nne, na C ile imenipa ujasiri ambao watu wenye A hawana.

"Kingo zangu zina nini?"

"Hazishikani. Kigae kimoja kinaishia na mchanga wa giza, kingine kinaanza na mchanga wa mwanga. Jicho linaona ufa."

"Mimi nachora mkono wa mtu kutoka kidoleni mpaka kwenye kiwiko bila mstari kukatika, halafu wewe unaniambia sijui kuunganisha?"

"Mkono hautembei na kamera, walaal." Walaal ni ndugu, wa kike au wa kiume.

Alifuta unga kwenye dera lake, akaketi, akaanza upya. Vigae vya mchanga vilikuwa arobaini, maana alikuwa amechora vya namna nyingi ili ardhi isijirudie. Alirudia kingo za vyote arobaini. Siku nne. Mchana wateja wa hina walikuja wakakaa barazani wakimsubiri, na hooyo akiwapa chai, kwa sababu fundi wao yuko ndani anabadilisha mchanga. Wengine walichoka wakaenda kwa mwingine. Mimi nilikuwa nikimhimiza kutoka godoroni. "Ule wa kumi na saba bado una giza upande wa kushoto." Nilisema hivyo kwa uzito wote, kama daktari.

Nikaviingiza. Ngamia akatembea. Mistari ikameta ileile, ya buluu ileile, kama haijasikia kwamba mtu amefanya kazi siku nne. Na mchanga, sasa, ulikuwa umekufa. Kingo zote zikiwa na rangi moja, ardhi ilionekana kama sakafu ya ofisi. Hooyo alipita na ndoo yake, akainama, akaangalia ile mistari ya maji kwenye nchi kavu.

"Huko kumenyesha?" aliuliza.

"Hapana, hooyo. Ni hitilafu."

"Basi iache. Huko watashukuru hata hitilafu."

Dada yangu hakucheka. Alikuwa ameleta uso karibu na kioo mpaka pumzi yake ikafanya ukungu. "Tembeza tena," alisema. "Polepole. Tena." Nikatembeza. "Aboowe, hii buluu si ya mchanga."

"Najua si ya mchanga. Ni ufa."

"Ufa ungekuwa na rangi ya kilicho nyuma. Nyuma umeweka rangi gani?"

Nyuma nilikuwa nimeweka nyeusi.

"Hii ni buluu ya kisima changu. Ile ya ukingo wa maji, niliichanganya mwenyewe, najua. Na kwenye ukurasa, kisima kiko wapi?"

Hapa lazima nieleze ukurasa. Vigae havitumwi kwenye mchezo kimoja kimoja. Vyote vinapangwa kwenye picha moja kubwa, kama stempu zisizokatwa, na mchezo ukitaka mchanga unakwenda kuuchota kwenye mraba wake. Dada yangu alipoanza alikuwa ameacha nafasi tupu kati ya kigae na kigae. Mimi ndiye niliyemwambia aiondoe. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba picha ndogo ni nafuu kwa simu za bei ya chini, nikamwambia abananishe vyote, bega kwa bega. Alibisha, alisema kwenye hina ngozi tupu nayo ni sehemu ya mchoro, ua lisipopumua linamwagikia jirani. Nikamwambia hii si hina. Akabananisha. Na kulia kwa mchanga, bega kwa bega, kikakaa kisima.

"Kisima kiko mbali," nilisema. "Tazama ramani. Kutoka huu mchanga mpaka kisima kilicho karibu zaidi ni vigae sitini."

"Sijasema ramani. Nimesema ukurasa."

"Mchezo unachota mraba mmoja, walaal. Hauchoti wa jirani. Ni hesabu."

"Basi hamisha. Weka kitu chekundu mahali pa kisima tuone mstari utakuwa wa rangi gani."

Hilo lilikuwa jaribio la dakika tano. Nimelifikiria tangu wakati huo mara nyingi kuliko nilivyofikiria swala yoyote, Mungu anisamehe. Lakini kila kigae kwenye ukurasa kina namba, na ramani yangu nzima kutoka Garissa mpaka Lafey ilikuwa imeandikwa kwa namba hizo. Nikihamisha kisima nilidhani ningepata visima juu ya miti na ngamia wakinywa mawe. Ningeweza kunakili faili na kujaribu pembeni. Hilo halikunijia. Kilichonijia ni kwamba mchoraji wa hina ananifundisha kompyuta.

"Wewe chora," nilimwambia. "Mashine niachie mimi."

Alinitazama. Akachukua simu yake, akarudia kingo mara ya pili.

Kilichokuwa kikitokea nitakieleza sasa, kwa kuwa sasa nakijua, na kujua baada ya kifo ndiyo elimu yangu. Kamera inayotembea sehemu ya kumi ya umbali uliobaki haikanyagi namba kamili. Inasimama kwenye mia moja na tatu nukta mbili saba, halafu mia moja na nne nukta moja sita. Kioo cha simu hakina robo ya pikseli. Pikseli ipo au haipo. Kwa hiyo ukingo wa kigae unaangukia katikati ya pikseli, na mashine inalazimika kuamua pale ukingoni ichote rangi ya wapi. Hesabu zake ni za desimali, na desimali za mashine zina makosa madogo mno, ya chembe. Mara inaamua vizuri. Mara chembe ile inaisukuma nje kidogo ya mraba wa mchanga, inachungulia kwa jirani kwenye ukurasa, inachota buluu ya kisima na kuipaka mstari mmoja. Kamera inaposogea tena desimali inabadilika, uamuzi unabadilika, mstari unazima hapa na kuwaka kule. Ndiyo maana ulikuwa unameta. Na ngamia akisimama, kamera inamfikia kwenye namba yake kamili, kila ukingo unakaa sawasawa juu ya pikseli, mistari inatoweka. Kingo za dada yangu hazikuwa na neno. Alichora mchanga, mimi ndiye niliyeichukua kamera nikaiweka mahali pasipokuwepo, kisha nikabananisha kisima ubavuni mwa mchanga ili aibu iwe na rangi.

Alhamisi ikafika. Stima ilikuwepo, bando lilikuwepo, hata feni ilizunguka bila kulia. Ingekatika stima ningekuwa na kitu cha kulaumu mpaka leo. Nilikaa, kwa heshima ya Nairobi nilikaa kabisa, na shati. Dada yangu alikaa kando yangu, mikono mapajani, kidole cha kulia kikiwa na lengelenge kwa kusugua kioo kilichopasuka. Hooyo aliketi nyuma yetu akijifanya anachambua mchele.

Yule mwanamke alikuwa mchangamfu. Alimsifu dada yangu kwanza, kwa ule mchanga wa picha za mwanzo. Akaomba kuona mchezo. Nikaufungua, nikamtembeza ngamia.

Ngamia alitembea, na mchanga ulikonyeza, na kwenye simu ya video ikawa mbaya zaidi.

"Simamisha," alisema. Nikasimamisha, mistari ikatoweka. "Endelea." Ikarudi. "Hizi kingo. Nani amechora hivi vigae, ni vilevile nilivyoviona?"

"Amevirudia," nilisema. "Mara mbili."

"Na bado havishikani?"

Hapo kulikuwa na nafasi. Kama pumzi mbili. Sikuwa najua jibu, hilo ni kweli, lakini nilijua mambo matatu: nilijua mistari ilianza siku niliyobadilisha kamera, si siku aliyobadilisha mchanga. Nilijua nyuma ni nyeusi na mstari ni buluu. Na nilijua kuna jaribio la dakika tano ambalo niliombwa nikakataa. Ningeyasema hayo matatu tu, yule mwanamke, ambaye ni mtu wa kazi hiyo, angelielewa neno zima kabla sijamaliza. Dada yangu alikuwa ananitazama. Hakusema, kwa sababu nilimwambia mashine aniachie mimi, na katika nyumba yetu mtu hamsahihishi kaka yake mkubwa mbele ya mgeni. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe.

"Atarekebisha," nilisema.

Nyuma yetu mchele uliacha kulia kwenye ungo. Ndipo nilipojua kwamba hooyo alikuwa anakifuata Kiswahili muda wote, miaka yote.

Yule mwanamke alisema vizuri, tutawasiliana. Dada yangu alimshukuru kwa adabu, akamtakia mchana mwema, akaenda jikoni. Nilimfuata kwa sauti, si kwa miguu.

"Nilikuwa nitamwambia nini? Mimi pia sijui!"

"Ungemwambia hujui," alisema.

Jibu lilikuja Jumatatu, kwenye simu yake. Alimsomea hooyo kwa Kisomali akiwa amesimama mlangoni. Rangi nzuri, jicho zuri, lakini wanahitaji mtu ambaye tayari anajua kuvifanya vigae vishikane, kazi ni nyingi na hawana muda wa kufundisha. Wamempata mwingine. Wanamtakia heri. Hooyo alimwambia aketi anywe chai. Aliketi, akanywa chai, akaniuliza kama nataka sukari zaidi. Ningependa angenirushia kikombe.

Mimi nilifanya nini? Nililala. Siku mbili nililala nikiangalia dari na kujiambia kwamba Nairobi hawana shukrani. Siku ya tatu dada yangu alianza kufua nguo za kupeleka Elwak, nikisikia maji yakimwagika uani, na kwa kukosa mahali pa kuangalia nikafungua ile kompyuta. Nilinakili faili. Juu ya kisima, kwenye ile nakala, nikapaka nyekundu. Hakuna kilichohama, hakuna ngamia aliyekunywa jiwe. Kumbe haikuhitaji hata kuhamisha kitu, ilihitaji kupaka tu. Nikatembeza ngamia.

Mistari ikatoka myekundu.

Nilikaa pale. Maji yalikuwa bado yanamwagika uani. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kutamani jambo lisiwe limegunduliwa. Kama tatizo lingebaki fumbo ningekuwa mjinga tu, na ujinga nimeuzoea, una mto wake na shuka yake. Sasa nikawa mtu aliyeambiwa ukweli na dada yake ana kwa ana, akamtuma akachore tena.

Dawa yake ilikuwa mistari miwili ya maandishi. Niliiacha kamera ibaki na desimali zake moyoni, ili iendelee kutembea laini, ila kila inapofika wakati wa kuchora kioo nikaipeleka kwenye namba kamili iliyo karibu. Mlalo mstari mmoja, wima mstari mmoja. Nikatembeza ngamia mpaka Wajir. Hakuna kitu. Kisha, kwa kuogopa simu zenye vioo vya vipimo vya ajabu, nikafanya na ya pili: nikavitenganisha vigae kwenye ukurasa, na kuzunguka kila kimoja nikarudia pikseli zake za ukingoni mara moja zaidi, mchanga ukazungukwa na mchanga, ili mashine ikichungulia nje ikutane na rangi yake yenyewe. Nafasi kati ya ua na ua. Ile niliyomwambia aiondoe.

Nikamwandikia yule mwanamke wa Nairobi. Hilo naweza kusema nililifanya siku ileile. Nilimweleza yote: kamera yangu, ukurasa niliobananisha, kwamba mchoraji alinionyesha asili ya kosa wiki nzima kabla ya simu na nikamkatalia. Nikaweka video safi yenye vigae vya kwanza kabisa. Alijibu baada ya siku moja. Alisema asante kwa kusema ukweli. Alisema alidhani ni kamera, kwa kweli, lakini alingoja mmoja wetu aseme, kwa sababu alitaka kuona watu wanaofanya kazi pamoja wanavyotafuta kosa. Alisema nafasi imeshajazwa na mkataba umetiwa saini.

Sehemu hiyo ya kungoja sikumsomea dada yangu. Mpaka leo sijamsomea. Nahesabu kama mojawapo ya mambo machache ya huruma niliyowahi kumfanyia, ingawa huenda ni woga uleule kwa nguo nyingine.

Mchezo wenyewe nilimpelekea. Niliinuka, nikatoka uani juani, naye alikuwa anakunja nguo zilizokauka. Nilimpa simu. Alikausha vidole, akamtembeza ngamia kulia, kushoto, akamkimbiza ghafla, akamsimamisha, akamkimbiza tena. Alikuwa anaitafuta mistari. Alitafuta kwa muda mrefu, kwa uangalifu, kama mtu anayepekua kichwa cha mtoto.

"Ni vigae vipi hivi?" aliuliza. "Nilivyorudia?"

"Vya kwanza."

"Vya kwanza vilikuwa sawa?"

"Vilikuwa sawa tangu siku ya kwanza."

"Ilikuchukua muda gani?"

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema siku tatu, na lingekuwa kweli kwa namna, ukihesabu dari.

"Chini ya saa moja," nilisema.

Alinirudishia simu. Akaendelea na nguo, akazikunja kwa mraba, pembe juu ya pembe. Baadaye kidogo akasema, kwa Kisomali, lugha ambayo hatukuwahi kuitumia kugombana, "Nenda ndani, aboowe. Jua litakuumiza, hujalizoea." Haikuwa dhihaka. Nilingoja niisikie dhihaka ndani yake, ningeishukuru, lakini haikuwemo.

Alipanda gari baada ya Idi. Hooyo alimsindikiza. Mimi nilibaki mlangoni nikisema nina kazi.

Sasa yuko dukani kwa eddo, anapima vitambaa. Anapiga simu kila Ijumaa, anaongea na hooyo, ananiulizia afya. Anachora hina pia, nimesikia, huko wanamsifu. Mchezo sijaumaliza. Vigae alivyonichorea vinafika Lafey. Kutoka hapo kwenda Mandera alikuwa hajachora, nchi hubadilika huko, udongo ni mwingine, na alikuwa amesema atamwuliza hooyo kwanza rangi zake. Miezi kadhaa iliyopita nilijikaza nikamwandikia. Nikamwambia kwa kuwa sasa uko karibu na huko, nitumie japo kigae kimoja cha mchanga wa huko, kimoja tu.

Aliusoma ujumbe mchana uleule. Jibu lilikuja jioni, duka lilipofungwa.

"Chora wewe," aliandika.

Nimejaribu. Nimechora vigae kumi na vinne. Vinashikana vyote, hakuna hata mstari mmoja, na hooyo akiangalia anauliza ni nini.